Ofa ya masharti kutoka chuo cha Uingereza: namna ya kutimiza masharti kabla ya siku ya mwisho, na lini uahirishe nafasi

Kuna wanafunzi wenye matokeo mazuri wanaokosa kwenda Uingereza mwezi Septemba kwa sababu ya karatasi. Alama wanazo, ofa wanayo, wakati mwingine hata pesa zipo, ila transkripti haijatoka. Kalenda ya vyuo vyetu na kalenda ya vyuo vya kule hazikutani. Huku mitihani ya mwisho inaisha Juni au Julai, matokeo yanapita kwenye vikao hadi seneti, na mahafali yanafanyika karibu na mwisho wa mwaka. Kule masomo ya shahada ya uzamili yanaanza Septemba, na chuo kinataka masharti yawe yametimizwa wiki kadhaa kabla.

Mwongozo huu ni kwa anayemaliza shahada ya kwanza Tanzania, na kwa sehemu kubwa hata Kenya na Uganda, akiwa na ofa ya masharti ya shahada ya uzamili Uingereza. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi wetu yuko mwaka wa tatu na anamaliza mitihani mwanzoni mwa Julai 2026. Amepata ofa ya kusoma afya ya jamii katika chuo kilicho nje ya London. Masomo yanaanza Jumatatu, 21 Septemba 2026, na masharti yatimizwe kufikia 31 Julai. Masharti yenyewe ni haya: transkripti ya mwisho yenye GPA isiyopungua 3.5, IELTS ya 6.5 bila sehemu yoyote chini ya 6.0, barua ya pili ya mapendekezo, nakala ya pasipoti, na dipoziti ya pauni 3,000. Tarehe na viwango hivi ni vya mfano. Vyako vitakuwa kwenye barua yako.

Hatua ya 1: Gawa masharti mafungu mawili

Kabla ya kufanya lolote, chukua barua ya ofa na kwa kila sharti ujiulize: hiki ni kitu ambacho bado sijakifikia, au nimeshakifikia na kinachokosekana ni ushahidi wake? Majibu ya swali hili ndiyo yatakayoamua kila hatua inayofuata, pamoja na uamuzi wa kuahirisha.

Tuchukue GPA ya mwanafunzi wetu. Kwa mihula mitano amefikisha 3.8, na umebaki muhula mmoja. Tukichukulia kwamba mihula yote sita ina uzito sawa, ili GPA yake ishuke chini ya 3.5 itabidi muhula wa mwisho apate chini ya 2.0. Hesabu ni hii: mara tano 3.8 ni 19, na GPA ya 3.5 kwa mihula sita ni jumla ya 21, kwa hiyo anahitaji 2.0 tu ili asishuke. Mtu aliyekuwa akipata 3.8 hana sababu ya kuhofia hilo. Basi sharti hili kwake ni la karatasi. Angekuwa na 3.4 hali ingekuwa tofauti kabisa: angehitaji 4.0 kwenye muhula wa mwisho, na hilo ni sharti la matokeo.

Fanya hesabu hiyo mapema, hata Machi au Aprili, kwa kutumia uzito halisi wa kozi zako. Ukijua sharti lako ni la karatasi, utaanza kutafuta karatasi kabla ya mtihani wa mwisho. Ukijua ni la matokeo, utaanza kutafuta njia ya pili wakati njia ya pili bado iko wazi.

Hatua ya 2: Panga tarehe kutoka nyuma kwenda mbele

Barua ya ofa inaweza kutaja tarehe moja tu, lakini zipo tarehe nyingine ambazo hazijaandikwa humo au zimo kwenye tovuti ya chuo. Tafuta nne: siku ya mwisho ya kulipa dipoziti, siku ya mwisho ya kutimiza masharti, siku ya mwisho ya kuomba CAS, na siku ya mwisho ambayo chuo kitakupokea baada ya masomo kuanza.

CAS ni namba ambayo chuo kinakupa baada ya ofa yako kuwa haina masharti tena, na bila hiyo huwezi kuomba viza ya mwanafunzi. Wengi wanakwama hapa kwa kudhani kwamba ofa ya masharti inatosha kuanzia ombi la viza. Haitoshi. Kila siku ambayo sharti moja linabaki wazi ni siku ambayo ombi la viza limesimama.

Kwa mwanafunzi wetu, tuseme chuo kinapokea watu hadi 5 Oktoba. Uamuzi wa viza kwa anayeomba akiwa nje ya Uingereza kwa kawaida huchukua wiki tatu tangu alipotoa alama za vidole. Kuna huduma ya haraka ya siku tano za kazi, kwa malipo ya ziada, pale inapopatikana, lakini usiiweke kwenye mpango wako wa kwanza. Ukitoa wiki tatu, ukaongeza siku chache za kupata miadi na wiki moja ya tiketi na safari, anapaswa kuwa ametuma ombi si zaidi ya mwishoni mwa Agosti. Kwa usalama, aweke lengo la 17 Agosti. Hiyo ina maana CAS iwe mkononi kabla ya siku hiyo, na chuo nacho kinahitaji siku kadhaa kuitoa. Ndiyo maana waliweka 31 Julai.

Hatua ya 3: Kiingereza kwanza, kwa sababu ndicho unachoweza kukimaliza mapema

Kabla ya kulipia mtihani, uliza chuo kama kinakubali ushahidi mwingine. Baadhi ya vyuo vinakubali alama ya Kiingereza ya kidato cha nne, au barua kutoka chuo chako inayosema kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Vingine vinakataa vyote viwili. Uliza kwa maandishi na uweke jibu lao.

Ukilazimika kufanya IELTS, fanya si baada ya Mei, ili ukikosa uwe na nafasi ya kurudia Juni. Elewa pia jinsi alama zinavyohesabiwa. Alama ya jumla ni wastani wa sehemu nne, kisha hukadiriwa kwenye nusu iliyo karibu. Mtu akipata 7.0 kusikiliza, 6.5 kusoma, 6.5 kuzungumza na 5.5 kuandika, wastani wake ni 6.375, nao unakuwa 6.5. Jumla amefikia, lakini sharti hajatimiza, kwa sababu kuandika kuko chini ya 6.0. Kuandika ndiko kunakoangusha wengi, hata wanaozungumza vizuri, kwa hiyo muda wa mazoezi uelekeze huko. Baadhi ya vituo vina utaratibu wa kurudia sehemu moja tu ndani ya siku 60, kwa mtihani wa kompyuta. Kabla ya kuutegemea, hakikisha kituo chako kinao na chuo chako kinaukubali.

Kuna jambo moja ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa. Vyuo vingi vina kozi ya Kiingereza ya wiki kadhaa kabla ya masomo, kwa aliyekosa alama kidogo. Lakini kwa viza ya kozi hiyo ya maandalizi, serikali ya Uingereza kwa kawaida inataka mtihani uliofanyika kwenye mfumo wake maalumu, unaoitwa IELTS for UKVI. Maswali na ugumu ni vilevile, tofauti ni taratibu za usalama za kituo na bei. Kama una wasiwasi na Kiingereza chako, fanya huo tangu mwanzo. Ukifaulu unakufaa kwa udahili, ukikosa kidogo bado unakufungulia kozi ya maandalizi.

Hatua ya 4: Itafute transkripti kabla haijatoka

Hii ndiyo kazi kubwa, na nitakaa hapa kidogo.

Transkripti ya mwisho haitoki mpaka mambo mawili yatimie: matokeo yapitishwe rasmi, na wewe uwe umemaliza kliarensi. La kwanza huna uwezo nalo. La pili ni lako. Fomu ya kliarensi inazunguka maktaba, hosteli, idara, uhasibu, wakati mwingine hata maabara na ofisi ya michezo, na kila mahali panatakiwa sahihi na muhuri. Kitabu kimoja kisichorudishwa au salio dogo la ada la mwaka wa kwanza linaweza kusimamisha fomu nzima. Mwezi Julai na Agosti maofisa wengi huwa likizo, na aliyebaki hataki kusaini kwa niaba ya mwenzake. Kwa hiyo, hata kama fomu yenyewe hutolewa baada ya mitihani, nenda uhasibu na maktaba mwezi Mei, uulize kama kuna chochote unachodaiwa, ulipe, na uchukue risiti.

Wakati huohuo, usisubiri transkripti ya mwisho kana kwamba ndiyo njia pekee. Ziko karatasi tatu ambazo ofisi ya msajili au ya mitihani inaweza kukupa mapema zaidi. Ya kwanza ni transkripti ya muda yenye matokeo ya mihula iliyokwisha kupitishwa. Ya pili ni barua ya kuthibitisha kwamba umemaliza masomo na mitihani yote, ikitaja tarehe matokeo yanapotarajiwa kupitishwa. Ya tatu, matokeo yakishatangazwa lakini cheti bado, ni taarifa ya matokeo yenye GPA ya mwisho na daraja la shahada, ikiwa na sahihi na muhuri.

Karatasi ya tatu ndiyo yenye nguvu. Vyuo vingi vya Uingereza vinajua kwamba mahafali yetu ni ya mwisho wa mwaka, na vinakubali taarifa rasmi ya matokeo kwa ajili ya CAS kisha vinadai cheti baadaye, mradi karatasi iseme wazi kwamba masharti yote ya shahada yametimizwa. Picha ya skrini ya akaunti yako ya matokeo haina thamani hiyo. Namna ya kuituma nayo ina uzito: omba ofisi ya msajili iitume kwa baruapepe yake rasmi moja kwa moja kwa idara ya udahili ya kule, nawe upewe nakala. Karatasi iliyopita mikononi mwako wanaweza kuchukua siku nyingi kuihakiki. Iliyotoka kwa msajili hupita haraka zaidi.

Wakidai vyeti vya sekondari vihakikiwe, Tanzania huduma hiyo iko NECTA na Kenya iko KNEC. Anza mapema, kwa sababu ni foleni nyingine.

Hatua ya 5: Majina yafanane

Toa pasipoti, cheti cha kidato cha nne, cheti cha kidato cha sita na kitambulisho cha chuo, uvipange mezani. Je, majina ni yaleyale, kwa mpangilio uleule, kwa herufi zilezile? Kwetu ni kawaida kukuta cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, pasipoti ina matatu, na chuo kimeandika jina la babu mbele. CAS hufuata pasipoti. Transkripti ikija na jina lililo tofauti, afisa udahili atauliza, na swali hilo linaweza kukula wiki nzima ya Agosti.

Kama tofauti ni ya mpangilio au jina lililoongezwa, hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili mara nyingi hutosha. Itume pamoja na transkripti bila kusubiri kuombwa. Kama kosa ni la chuo chako, lirekebishwe kabla transkripti haijachapwa. Baada ya kuchapwa ni maombi mapya na ada mpya.

Hatua ya 6: Pesa ziwekwe kabla ya CAS

Pesa si sharti la udahili zaidi ya dipoziti, lakini zisipopangwa mapema, ofa isiyo na masharti haitakufikisha popote. Kanuni ya viza ni hii: kiasi kinachotakiwa kikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja, na stetimenti isiwe na zaidi ya siku 31 siku unapotuma ombi.

Kwa mwanafunzi wetu, tuchukulie ada ni pauni 20,000. Ametoa dipoziti ya 3,000, zimebaki 17,000. Gharama za kuishi nje ya London zimewekwa pauni 1,171 kwa mwezi tangu Novemba 2025, na huhesabiwa kwa miezi isiyozidi tisa, yaani 10,539. Jumla ni pauni 27,539. Angesoma London kiwango cha mwezi kingekuwa 1,529. Hakikisha dipoziti imeandikwa kwenye CAS yako, maana ndipo inapokatwa.

Ili atume ombi 17 Agosti, kiasi hicho kiwe kimeingia kufikia 18 Julai. Linganisha na tarehe ya masharti, 31 Julai: pesa zinatakiwa ziwe zimetulia benki kabla hata ofa haijawa huru. Weka nyongeza kidogo, kwa sababu akaunti ya shilingi hubadilishwa kwenda pauni kwa viwango vya OANDA, na shilingi ikiteleza siku moja unaweza kujikuta chini ya kiwango bila kutoa hata senti. Akaunti ikishuka, siku 28 zinaanza upya.

Akaunti ya baba au mama inakubalika, ikiambatana na cheti chako cha kuzaliwa na barua yao ya ridhaa. Ya mjomba, shangazi au kaka haikubaliki kwa njia hiyo. Hapa familia zetu huumia, kwa sababu kwetu mjomba ndiye mara nyingi anayesomesha. Kama pesa ni zake, azihamishe ziingie akaunti yako au ya mzazi mapema, na mjiandae kueleza zilikotoka.

Ongeza pia ada ya huduma za afya, pauni 776 kwa mwaka. Kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja viza huzidi mwaka kidogo, kwa hiyo malipo huwa 1,164, na hulipwa siku ya kutuma ombi.

Yamebaki mawili ya kupita haraka. Kipimo cha kifua kikuu ni lazima kwa wanaotoka nchi zetu, kwenye kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza tu, na cheti chake kinadumu miezi sita. Kifanye Julai. Na kwa baadhi ya masomo ya sayansi na uhandisi kuna kibali kinachoitwa ATAS, ambacho ni bure lakini huchukua wiki kadhaa. Barua ya ofa itakwambia kama kinakuhusu. Afya ya jamii kwa kawaida haimo.

Hatua ya 7: Andika kabla tarehe haijapita

Ikifika katikati ya Juni na unajua transkripti haitatoka kufikia 31 Julai, waandikie. Usingoje tarehe 30. Chuo kinachoarifiwa wiki sita kabla kina nafasi ya kukusaidia, lakini baada ya tarehe huenda mfumo umeshafunga ofa wenyewe.

Barua utaiandika kwa Kiingereza, fupi, ikiwa na namba yako ya ombi kwenye kichwa. Mwanafunzi wetu angesema hivi:

"Nina ofa ya masharti ya kuanza Septemba 2026. Namaliza mitihani yangu ya mwisho tarehe 3 Julai. Seneti ya chuo changu inatarajiwa kupitisha matokeo katikati ya Agosti, na cheti hutolewa baada ya mahafali mwishoni mwa mwaka. Naambatisha transkripti ya mihula mitano yenye GPA ya 3.8 na barua ya msajili inayothibitisha tarehe hizo. Masharti mengine yote nimeshatimiza. Naomba mambo mawili: kuongezewa muda hadi 21 Agosti kwa sharti la transkripti, na kuthibitishiwa kama mtakubali taarifa rasmi ya matokeo kwa ajili ya CAS, kabla ya cheti."

Barua hiyo ina nguvu kwa sababu inataja tarehe badala ya "hivi karibuni", ina ushahidi kutoka kwa msajili, na inaomba kitu mahususi ambacho afisa anaweza kujibu ndiyo au hapana. Anayeandika "naomba mnivumilie, chuo changu kinachelewa" hajampa afisa kitu cha kupeleka kwa mkuu wake.

Wasipojibu ndani ya siku tano za kazi, piga simu. Ujumbe wa WhatsApp wa wakala hauchukui nafasi ya barua iliyotoka kwako, hata kama wakala ndiye aliyekuombea chuo.

Sasa, kuahirisha

Kuahirisha ni kuomba chuo kikuhifadhie nafasi hadi muhula mwingine wa kuanza, Januari kama kozi yako ina wanaoanza Januari, au Septemba ya mwaka unaofuata. Kwa kawaida huruhusiwa mara moja, kwa muda usiozidi mwaka. Ni uamuzi wa chuo, wala si haki yako.

Rudi kwenye mafungu mawili ya hatua ya kwanza. Kuahirisha kunatibu tatizo la muda. Kama unachokosa ni karatasi ambayo hakika inakuja, au siku 28 za benki ambazo hazijatimia, au umeugua, au umejifungua, au mwajiri amekunyima ruhusa hadi mwakani, basi mwezi Januari au mwaka mmoja utakiondoa kikwazo hicho. Kuahirisha hakutibu sharti la matokeo lililokosekana. Aliyetakiwa 3.5 akamaliza na 3.3 atakuwa na 3.3 hata mwakani. Huyo aandike mapema kuomba chuo kizingatie upya ombi lake, au ahamie kozi yenye sharti la chini, au aombe kwingine. Aliyekosa IELTS kwa nusu alama afikirie kwanza kozi ya maandalizi kabla ya kupoteza mwaka mzima.

Januari ndiyo jibu zuri zaidi kwa tatizo la transkripti, na wengi hawaliulizi. Kufikia Oktoba au Novemba matokeo yameshapita, siku 28 zimeshatimia, na hujapoteza mwaka. Uliza tu kama kozi ni ileile kamili na kama ufadhili wa chuo upo kwa wanaoanza Januari, kwani mara nyingi haupo.

Usiahirishe kama unakwenda na ufadhili uliofungwa kwenye mwaka huo. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza kwa shahada ya uzamili, hauahirishwi, na aliyechaguliwa anatakiwa awe na ofa isiyo na masharti kufikia tarehe ambayo miaka ya karibuni imekuwa katikati ya Julai, yaani mapema kuliko tarehe za vyuo vingi. Kwa msomi wa Chevening, kila nilichosema kuhusu transkripti kinatakiwa kufanyika mapema zaidi kwa wiki mbili au zaidi, ingawa yeye kwa kawaida ana nafuu moja: programu inadai miaka miwili ya kazi, kwa hiyo cheti chake cha shahada huwa kimeshatoka. Punguzo la ada linalotolewa na chuo chenyewe nalo mara nyingi hufutika ukiahirisha, isipokuwa waseme vinginevyo kwa maandishi.

Kwa upande mwingine, anayejilipia kwa shida na ameshafikisha uzoefu wa kazi unaotakiwa, akaona dirisha la ufadhili linafunguliwa Agosti, ana sababu nzuri ya kuahirisha na kuomba. Nafasi yake chuoni inabaki, na anaingia kwenye mashindano ya ufadhili akiwa tayari na chuo.

Kabla ya kuamua, pima gharama zisizoonekana. Ada utakayolipa ni ya mwaka utakaoanza, nayo kwa wageni hupanda karibu kila mwaka. IELTS yako inadumu miaka miwili, angalia kama itakuwa hai. Cheti cha kifua kikuu utafanya upya. Na sheria zinaweza kubadilika katikati. Mfano uliopo mezani ni viza ya kubaki kufanya kazi baada ya masomo: wanaoiomba kuanzia 1 Januari 2027 wakiwa na shahada ya kwanza au ya uzamili watapewa miezi 18 badala ya miaka miwili.

Siku ya kuamua

Weka tarehe moja ambayo ukiifikia bila CAS, unaomba kuahirisha siku hiyohiyo. Kwa mwanafunzi wetu ni 28 Agosti. Baada ya hapo, hata CAS ikija, atakuwa anakimbiza viza, tiketi na makazi kwa wakati mmoja, na akifika baada ya 5 Oktoba chuo hakitampokea.

Ni bora sana kuahirisha kabla ya CAS na kabla ya kuomba viza. CAS inataja tarehe ya kuanza, kwa hiyo ukihama tarehe hiyo haikufai tena na utapewa nyingine. Kama viza imeshatolewa kisha ukaahirisha, chuo kinalazimika kuiarifu serikali, viza hiyo hufutwa, na utaomba na kulipia upya. Kama ombi limetumwa lakini halijaamuliwa, liondoe rasmi, na ada ya afya itarudishwa.

Unapoandika kuomba kuahirisha, uliza papo hapo: dipoziti yangu inahamia mwaka mpya au inarudishwa? Ada itakuwa ya mwaka gani? Punguzo langu linabaki? Masharti ambayo nimeshatimiza yanahesabika, au nianze upya? Kozi itakuwepo? Maana kozi za uzamili hufungwa pia wanafunzi wakipungua.

Jibu la "ombi lako limepokelewa" si kuahirisha. Mpaka upate barua mpya ya ofa yenye mwaka mpya, ada mpya na masharti yaliyobaki, wewe bado ni mwanafunzi wa Septemba hii aliyeshindwa kuripoti. Barua hiyo ikifika, isome yote tena mstari kwa mstari, kwa sababu huwa na siku zake za mwisho: ya kuikubali, ambayo inaweza kuwa wiki chache tu kutoka hapo, na ya kupeleka transkripti, ambayo sasa utaweza kuipeleka mara tu ofisi ya msajili itakapoichapa.